Swali la Sheria ya Madhara: Kashfa Dhidi ya Mwenye Duka, na Jibu Lake

SWALI

Mzee Salimu ana duka la rejareja Kisauni, Mombasa. Rehema, mteja wake wa siku nyingi, alinunua kilo 2 za sukari ya kupima. Alipofika nyumbani akaipima tena, akapata kilo 1 na gramu 720. Usiku huo aliandika kwenye kundi la Facebook la mtaa, lenye wanachama 4,000, akaweka na picha ya duka:

“Wenzangu, msinunue kitu hapa. Huyu mzee ni mwizi. Mizani yake ameichezea makusudi, na unga anaouza umepitwa na wakati. Ana roho mbaya.”

Asubuhi yake alimwandikia afisa wa vipimo malalamiko yenye maneno yayo hayo. Juma aliusambaza ujumbe wa Facebook akiongeza, “Hata mimi kaniibia.” Afisa alikagua mizani, akakuta kila kilo inapungua gramu 140 na chemchemi imechakaa. Unga wote ulikuwa ndani ya muda wake. Baadaye ikajulikana kwamba, wiki moja kabla, Rehema alinyimwa mkopo dukani na kumwandikia dadake: “Huyu mzee nitamkomesha.” Mzee Salimu anataka kushtaki. Washauri pande zote.

JIBU

Msingi wa dai hausumbui. Kumwita mfanyabiashara mwizi kunamshusha mbele ya watu wenye busara. Jina halikutajwa, lakini picha ya duka inatosha kwa jirani yeyote kumtambua, na wanachama wa kundi ndio waliochapishiwa. Kwa kuwa ni maandishi, Mzee Salimu hahitaji kuthibitisha hasara ya fedha. Juma naye hawezi kujificha nyuma ya Rehema, kwani anayerudia kashfa huhesabiwa kuwa ameichapisha mwenyewe.

Kazi iko kwenye utetezi, na wa kwanza ni ukweli. Mzigo wa kuuthibitisha ni wa Rehema. Hapa watahiniwa wengi huona gramu 140 wakaandika “ni kweli, kesi imekwisha.” Haijaisha. Kinachochoma katika ujumbe huu ni lile neno “makusudi,” si sukari kupungua. Chemchemi iliyochakaa inaonyesha mizani mbovu, haionyeshi mwizi. Rehema atahitaji ushahidi zaidi, mathalani kwamba mzee alishaonywa kuhusu mizani hiyo akaendelea kuitumia. Kuhusu unga, kifungu cha 14 cha Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, kinasema utetezi wa ukweli hauanguki kwa sababu tu shutuma moja kati ya kadhaa haikuthibitishwa, ikiwa shutuma hiyo haiongezi madhara ya maana kwa jina la mlalamikaji. Kifungu hicho kitamfaa akithibitisha wizi kwanza. Asipoweza, hakimsaidii.

Maoni ya haki ni utetezi dhaifu zaidi kwake. Bei na vipimo vya duka ni jambo linalougusa umma, sawa. Lakini “ameichezea makusudi” ni madai ya tukio, si maoni. “Ana roho mbaya” ndiyo maoni, nayo yanasimama juu ya tukio ambalo halijathibitishwa.

Kinga yenye masharti, ile inayomlinda anayesema kwa wajibu au maslahi kwa mtu mwenye wajibu au maslahi ya kusikia, inagawanyika. Malalamiko kwa afisa yanaangukia humo bila shida: Rehema ana maslahi ya kulalamika, afisa ana wajibu wa kupokea. Kundi la watu 4,000 ni jambo jingine. Anaweza kusema wakazi wote hununua pale, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila kumwonya jirani kuhusu mizani hakuhitaji kumwita mtu mwizi. Halafu kuna ule ujumbe kwa dadake. Katika kesi ya Uingereza ya Horrocks v Lowe (1975), imani ya kweli katika unachosema hukulinda hata ukiwa na chuki, mradi chuki isiwe ndiyo iliyokusukuma zaidi. Je, Rehema aliamini habari ya unga, au aliibuni? Kama aliibuni, chuki imethibitika, na hata kinga ya barua kwa afisa inaweza kuondoka.

Kifungu cha 13 kuhusu kashfa isiyokusudiwa hakimhusu. Alimjua mlengwa wake vizuri.

Kwa Mzee Salimu: dai lazima lifunguliwe ndani ya miezi 12, na si katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hairuhusiwi kusikiliza kashfa. Asiende polisi kutafuta shtaka la jinai la kashfa chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2017. Wakili wake ataegemea kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa, kinachoweka fidia isiyopungua shilingi 400,000 kashfa inapohusu kosa la kifungo kisichopungua miaka 3, kwa kuwa adhabu ya jumla ya wizi ni miaka 3.

Kwa Rehema, ningemshauri aufute ujumbe leo na aombe radhi katika kundi lile lile kuhusu “mwizi,” “makusudi” na unga. Matokeo ya ukaguzi wa mizani ayaache yasimame, maana hayo ni kweli na jirani zake wana haki ya kuyajua.