Kinga za Kikemikali za Mimea Dhidi ya Walaji, na Gharama ya Kuzitengeneza: Mapitio Mafupi

Kwa muda mrefu nikotini, tanini na jamii zake zilihesabiwa kuwa mabaki tu ya kazi za mwili wa mmea. Mwaka 1959 Gottfried Fraenkel alitetea hoja tofauti: kazi ya kemikali hizo ni kuwazuia wadudu na walaji wengine. Leo ni wachache wanaoibishia. Kinachobishaniwa ni kwa nini, ikiwa sumu inalinda hivyo, mimea haijijazi sumu wakati wote.

Jibu lililozoeleka ni gharama, na mfano ulio wazi zaidi ni tumbaku pori, Nicotiana attenuata. Nikotini yake hutengenezwa mizizini, kisha hupandishwa na maji hadi kwenye majani. Kila molekuli (C₁₀H₁₄N₂) hubeba atomu 2 za naitrojeni, kirutubisho kile kile kinachohitajika kwa protini na mbegu. Mwaka 1998 Ian Baldwin alichapisha majaribio ya porini ambamo kinga ya mimea hii iliamshwa kwa homoni ya jasmoneti. Palipokuwa na walaji wengi, mimea iliyoamshwa ilizaa mbegu nyingi kuliko wenzake. Pasipo walaji, ilizaa chache. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi unaostahili kuigwa, kwa sababu ulipima mbegu, si ukubwa wa jani. Mmea uliopandwa peke yake kwenye chungu chenye mbolea tele unaweza usionyeshe hasara yoyote. Uweke kando ya jirani anayegombea naitrojeni ile ile, hasara inajitokeza.

Gharama nyingine haionekani kwenye hesabu ya malighafi. Mimea ya jamii ya kabichi huhifadhi glukosinolati mbali na kimeng'enya cha mirosinasi. Kiwavi akitafuna, viwili hivyo hukutana na kutoa mafuta makali ya haradali. Lakini nondo wa kabichi, ambaye kiwavi wake anacho kimeng'enya cha kuizima silaha hiyo, huzitumia kemikali hizo hizo kuutambua mmea wa kutagia mayai. Kinga inayomfukuza mlaji wa kila kitu humwita mlaji bingwa.

Mwaka 2016 Marcelo Campos na wenzake walitikisa imani ya zamani kwamba mmea unaojilinda hudumaa kwa sababu ya gharama. Katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabarani, walizima jeni 5 za JAZ, ambazo ni breki ya kinga, pamoja na kipokezi cha mwanga phyB, na mmea ukakua vizuri huku ukijilinda. Basi sehemu ya mvutano kati ya kukua na kujikinga ni amri za homoni, si uhaba wa chakula. Hata hivyo ni mapema kuizika hoja ya gharama: mwaka 2018 kundi hilo hilo la utafiti liliondoa jeni 10 za JAZ. Mimea iliwashinda wadudu, lakini ilidumaa, ikaonyesha dalili za njaa ya kaboni, na mavuno yake ya mbegu yakaporomoka.