Barua kwa mama mwenye nyumba kuhusu zile skwea mita 90

Sinza, Dar es Salaam

Shikamoo mama,

Habari za nyumbani na poleni na majukumu. Sisi huku wazima, watoto wazima, maji nayo wiki hii yanatoka vizuri. Mama nimeona niandike badala ya kupiga simu maana jambo lenyewe lina namba nyingi, kwenye simu tutapotezana, halafu nataka kila mmoja wetu abaki na maandishi yake.

Ni kuhusu ukubwa wa nyumba. Kwenye ujumbe wako wa watsapu umesema kuanzia mkataba ujao kodi inatoka 650,000 inaenda 720,000 kwa mwezi kwa sababu nyumba ya skwea mita 90 Sinza haipatikani tena kwa bei ya zamani. Na kweli tangazo nililotumiwa na dalali liliandika hivyo, skrinshoti ninayo mpaka leo: vyumba viwili kimoja masta, sebule na dainingi, jiko, stoo, skwea mita 90, na chumba cha pili futi 12 kwa 12. Kwenye mkataba tena, kile kipengele cha sevisi chaji kinasema 1,500 kwa kila skwea mita kwa mwezi, ndo maana tunalipa 135,000. Yaani hiyo 90 naitolea hela kila mwezi na sasa hivi inatumika kupandisha kodi pia, ndo nikasema basi wacha nipime.

Niliazima tepu kwa fundi anayejenga hapo nyuma, ile ya mita 7.5, maana ya mita 5 sebule inaizidi. Mke wangu ameshika upande mmoja mimi upande mwingine, tumepima kutoka plasta mpaka plasta, juu kidogo ya skatingi ili ile mbao isipunguze kitu, na kila chumba tumepima upana sehemu mbili kwa sababu kuta nyingine haziko sawa. Palipotofautiana nimechukua kipimo kikubwa mama, sijachukua kidogo hata mara moja. Kabati la ukutani la masta nalo nimelihesabu ndani ya chumba. Majibu ndo haya:

Sebule na dainingi: 5.10 kwa 3.80 = 19.38
Jiko: 2.90 kwa 2.40 = 6.96
Masta: 3.90 kwa 3.40 = 13.26
Choo na bafu la masta: 2.10 kwa 1.50 = 3.15
Chumba cha watoto: 3.20 kwa 3.00 = 9.60
Choo cha wageni: 2.00 kwa 1.40 = 2.80
Korido: 4.20 kwa 1.10 = 4.62
Stoo: 1.50 kwa 1.20 = 1.80

Jumla ya ndani ni skwea mita 61.57. Balkoni ni 3.80 kwa 1.20, sawa na 4.56, ukiiongeza tunafika 66.13.

Najua utaniambia wajenzi wanahesabu na kuta, na hilo mimi silikatai, wengi wanapima hivyo. Kwa hiyo nimeziweka pia. Tofali ni la nchi 6, ukijumlisha plasta pande zote mbili ukuta unakuja kama sentimita 18, nikazunguka kuta za nje na za ndani zote za kwetu nikapata eneo la karibu skwea mita 11, na hapo hata ukuta tunaogawana na jirani nimeuhesabu wote kama wetu. Sasa vyumba, balkoni na kuta, vyote kwa pamoja vinakuja 77. Bado 13 sizioni ziko wapi, na 13 ni eneo kama la masta nzima.

Nadhani nimejua zimetoka wapi. Fundi ana tepu nyingine ya mita 30, tukatoka nje tukapima jengo lenyewe, ni mita 24 kwa 15. Hiyo ni 360, na kila ghorofa ina nyumba nne, gawanya unapata 90 kamili. Maana yake aliyeandika tangazo alichukua ghorofa nzima pamoja na ngazi, ile korido ya katikati tunayopita wote na pale inapokaa mita ya umeme, akagawa kwa nne. Sidhani kama wewe mwenyewe ulikaa ukaamua kutudanganya mama, tumeishi vizuri na wewe na pampu ilipoungua ulileta nyingine siku hiyohiyo. Ila ngazi siwezi kulala ndani yake, na mpangaji akisoma kwenye tangazo nyumba ya 90 anaelewa ni 90 akishafunga mlango wake.

Chumba cha watoto ndo kinaniuma zaidi. Futi 12 kwa 12 ni mita 3.66 kila upande. Chenyewe kina futi kumi na nusu kwa futi kumi kasoro. Kitanda cha double deka na kabati tulinunua kwa kutegemea yale maneno, kabati limegoma kukaa mlango ukiwa unafunguka wote, mpaka leo liko koridoni na korido yenyewe ina mita 1.10, usiku mtoto akiamka kwenda chooni anapita kwa ubavu. Ningejua mapema ningechagua vitu vingine, au ningeomba punguzo kabla sijatoa ile kodi ya miezi sita na mwezi wa dalali.

Sasa mama ombi langu. Kwanza kabisa tupime pamoja, usinichukulie mimi kwa neno langu tu. Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi nipo nyumbani, njoo na fundi wako unayemwamini na tepu yake, kama kuna ramani ya jengo njoo nayo tuilinganishe. Tukipata namba tofauti na yangu nitaikubali hapohapo.

Tukikubaliana kwenye 77, basi sevisi chaji iwe 115,500 kwa mwezi, na ile 19,500 iliyozidi kila mwezi kwa huu mkataba wa miezi sita, jumla 117,000, ikatwe kwenye malipo yajayo, sihitaji unirudishie keshi. Kama ile 1,500 ilipangwa makusudi ibebe na ngazi na taa za korido, sawa, ila iandikwe hivyo kwenye mkataba ili kila mpangaji ajue analipia nini. Kodi naomba ibaki 650,000. Kama una sababu nyingine ya kuipandisha nitaisikiliza, vitu vimepanda na hilo naliona, lakini sababu ya skwea mita 90 siwezi kuikubali kwa hizi namba. Na kwenye mkataba mpya tuandike ukubwa halisi tuliopima wote, na neno moja la kusema umepimwa vipi, ndani tu au na kuta.

Mpaka tuonane naendelea kulipa kama kawaida, sitazuia hata shilingi. Ila mkataba mpya wenye 90 sitausaini. Pia nakuomba umwambie dalali alitoe lile tangazo, kwa sababu nyumba ya chini yetu iko wazi na bado analizungusha kwenye magrupu na namba ileile, na chumba kilekile cha futi 12.

Picha za tepu ikiwa ukutani kwa kila chumba nimekutumia watsapu pamoja na mchoro nilioufanya kwa mkono. Nijibu tu kama Jumamosi inafaa au tuhamishie Jumapili baada ya ibada. Msalimie sana baba.

Wako,
Baba Irene
Ghorofa ya pili, mlango namba 4