Kuhusu ombi lako la kujifunza kuchomelea

Marahaba mdogo wangu. Samahani nimechelewa kujibu, ujumbe wako niliusoma jumatatu niko juu ya paa na grenda mkononi nikasema ntajibu jioni, hiyo jioni ndo leo. Nisikuzungushe, kukuchukua hapa karakana sitaweza.

Sio kwamba sijakuona. Siku ile ulivyokaa pale mlangoni nilikuona unageuza uso kila kijana akigusisha fimbo kwenye chuma, wengi wanakuja wanakodoa macho tu. Tatizo liko kwangu. Mashine ya kuchomelea ni moja na vijana ninao wawili, na hao wenyewe wanapeana zamu, mmoja anachomelea mwingine anakata vyuma. Wa tatu atafagia, atatumwa maji, miezi 6 inakatika hajashika holda. Mi nilifundishwa hivyo hivyo na najua inavyouma.

Halafu kuna hili, silisemi sana. Mwaka juzi nilipokea kijana wa tatu, kwa huruma tu. Siku moja nikaenda kufunga geti kwa mteja nikamwacha na wenzake, helmeti ziko mbili, basi yeye akawa anauangalia ule mwali macho makavu. Mchana kutwa hakusikia kitu, usiku ndo macho yakaanza kuchoma kama yamejaa mchanga, mama yake akanipigia saa nane usiku analia. Alipona, ila mi mwenyewe nilijiapia vijana wasizidi helmeti nilizonazo.

Na usinisubiri, nakuomba. Ningeweza kukwambia tuangalie mwezi ujao ukaondoka na furaha yako, lakini mwezi ujao hali itakuwa hii hii.

Ukienda kwa fundi mwingine, kabla hujaomba hesabu kwanza mashine na vijana, na angalia wanavaa nini usoni. Ukiona wanachomelea na miwani ya jua geuza urudi ulikotoka. Akitaka hela ya kujifunza muulize lini utaanza kushika fimbo, akijiumauma basi jibu umeshapata.

Ile picha ya kiti ulichounga nimeivuta nikaiangalia vizuri. Maungio yana matuta matuta na fimbo ilikuwa inakuganda, si ndio? Umeme ulikuwa mdogo. Fimbo ya 2.5, zile pakiti yake imeandikwa E6013, anza na ampia 70 hadi 80, ikiganda panda kidogo, ikianza kutoboa chuma shuka. Na lile gamba uligonge lote litoke kabla hujapita mara ya pili, wewe umechomelea juu yake, ndo maana mguu wa nyuma una vitundu.

Nyuma ya karakana kuna vipande vya chuma vya kujaribia, jumamosi pita uchukue. Njoo na gunia gumu, vina makali.