Barua ya kusitisha mkataba wa intaneti kabla ya muda na kuomba kufutiwa faini

Stesheneri ya Bi Zuwena,
Machomane,
Chake Chake, Pemba.
2 Januari 2026

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Chake Chake.

Ndugu Meneja,

KUH: KUSITISHA MKATABA WA INTANETI WA MIEZI 24 NA OMBI LA KUFUTIWA FAINI

Assalaam alaykum. Husika na somo lililotajwa hapo juu.

Tulisaini mkataba tarehe 3 Machi 2025: intaneti ya Mbps 10 kwa shilingi 75,000 kwa mwezi. Sijawahi kuchelewesha malipo hata mara moja, na ya Januari nimeshalipa. Kwa barua hii natoa taarifa kwamba naacha huduma tarehe 3 Februari 2026, zaidi ya siku 30 kama mkataba unavyotaka.

Miezi minne ya mwanzo sina la kulalamika. Matatizo yalianza Julai. Asubuhi mtandao unakwenda, ikifika saa nne unalegea, na baada ya adhuhuri haufungui hata barua pepe. Ruta taa zake zote kijani, ukiitazama utadhani mambo ni mazuri. Tangu Julai nimeweka daftari kaunta, naandika saa na kasi kila mtandao unapokwama. Vipimo vingi vya mchana viko chini ya Mbps 1, na kifungu cha 4 mmeahidi isipungue 6. Nakala ya kurasa hizo nimeambatanisha pamoja na picha za vipimo. Siku za uchaguzi, mtandao ulipozimwa nchi nzima kuanzia 29 Oktoba, nimeziruka. Hizo si kosa lenu. Za umeme kukatika pia hazimo, kwa sababu ruta yangu iko kwenye betri.

Naomba mfahamu maana yake kwangu. Watu wanakuja dukani kwangu kuomba vyuo, kujaza fomu za mkopo, kuchapisha matokeo ya skuli. Agosti alikuja binti kutoka Wawi kuambatanisha vyeti vyake. Kiduara kikazunguka, ukurasa ukajifunga, tukaanza upya. Mara ya tatu akaniuliza kwa adabu, "Bi Zuwena, si bora niende kwengine?" Nikawasha simu yangu na bando langu mwenyewe, tukamaliza kwa hilo. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya kazi: nalipa ada yenu, kisha nanunua bando. Novemba pekee bando lilinila shilingi 41,000.

Nimepiga simu mara saba na kila mara nimepewa namba ya tiketi. Zote zimo daftarini. Fundi wa kwanza alisema mwembe wa jirani unaziba antena. Tukaomba ruhusa, matawi yakakatwa, jirani akanuna wiki nzima, na kasi ikabaki ile ile. Fundi wa pili, tarehe 18 Novemba, hakutaja mwembe. Alipima, akasema mnara umeelemewa na wateja, na akaandika hivyo kwenye karatasi ya kazi aliyonisainisha. Nakala yake ipo nyuma ya barua hii. Naomba muisome kwanza, kabla ya kunijibu kwamba tatizo liko kwangu.

Sasa faini. Kifungu cha 9 kinasema anayeacha kabla ya muda atalipa nusu ya ada ya miezi iliyobaki. Imebaki miezi 13, yaani shilingi 975,000, na nusu yake ni 487,500. Naelewa kwa nini kifungu hicho kipo: ni kwa mteja anayehudumiwa vizuri kisha akahama kwa sababu kaona bei nafuu pengine. Mimi sikuhama. Nimesubiri nusu mwaka mtengeneze. Ahadi ya kifungu cha 4 ilivunjika Julai, na hamjairekebisha mpaka leo. Sioni vipi cha 9 kinidai mimi peke yangu.

Kwa hiyo naomba faini yote ya shilingi 487,500 ifutwe. Ruta na antena nitavileta ofisini kwenu tarehe 3 Februari vikiwa vizima, nanyi mnirudishie dhamana yangu ya shilingi 60,000, risiti ninayo. Pia naomba barua yenye muhuri inayosema sina deni, maana sitaki kupigiwa simu za madai mwakani. Fedha za bando sikudai, ingawa ningeweza.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 20 Januari. Nimeanza kwenu kwa sababu utaratibu ndio huo, na vijana wenu wa kaunta siku zote wamenipokea vizuri. Nikikosa jibu, au jibu likiwa la kunidai, nitapeleka malalamiko haya TCRA pamoja na daftari na karatasi ya fundi.

Nipigieni kwa namba iliyo kwenye mkataba. Ijumaa baada ya sala ya mchana ndiyo nafasi yangu nzuri, duka huwa limepoa.

Wenu,
Zuwena Haji

Viambatanisho: nakala ya mkataba, kurasa za daftari, picha za vipimo vya kasi, karatasi ya kazi ya 18 Novemba 2025, risiti ya dhamana.