Taarifa ya Tukio: Radi Iliyopiga Karibu na Kikosi cha Ujenzi wa Kalvati

Kwa: Meneja wa mradi
Nakala: Kamati ya usalama na afya kazini
Kutoka: Ofisa usalama wa eneo la ujenzi
Tukio: Jumanne, saa 8:57 mchana
Taarifa imeandikwa: Jumatano jioni

Radi ilipiga mti ulio pembeni mwa kalvati namba 3 wakati wafanyakazi 14 wakiwa eneo la kazi. Wanne waliumia, mmoja wao moyo na pumzi vikasimama. Hakuna aliyefariki. Majina yamo kwenye daftari la mahudhurio na fomu za kuumia kazini. Humu majeruhi wanaitwa M1 hadi M4.

Nilikuwa ofisini, takriban mita 400 kutoka kalvati, radi ilipopiga. Yaliyotokea kabla sijafika nimeyapata kwa wafanyakazi 11, kila mmoja nikimhoji peke yake. Saa za uhakika ni tatu tu: ya simu ya kuita gari la wagonjwa, ya kumbukumbu za mashine ya kushtua moyo, na ya gari la wagonjwa kuingia getini. Nyingine ni makadirio ya mashahidi, nami nimeziandika pale tu watu wawili au zaidi walipokubaliana. Umbali wote uliotajwa karibu na kalvati nimeupima kwa tepu asubuhi ya leo.

Dalili zilizoonekana kabla

Kikosi kilikuwa kikimwaga zege la sakafu ya kalvati tangu asubuhi. Kama saa 8:20 wingu zito lilijengeka upande wa magharibi, jeusi chini na refu kwenda juu. Kulikuwa na joto kali na upepo haukuvuma. Saa 8:31 watu wawili waliokuwa wakichota mchanga, mbali kidogo na mashine ya kuchanganyia zege, walisikia ngurumo ya kwanza. Waliokuwa karibu na mashine hawakusikia kitu, na hilo linaeleweka: mashine ile ikinguruma, watu wanazungumza kwa ishara.

Saa 8:40 upepo uligeuka ghafla, ukawa wa baridi, ukainua vumbi. Mwendesha katapila aliona mmweko akahesabu hadi 18 kabla ya kusikia ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo radi ile ilikuwa kama kilomita 6 kutoka pale. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha, kwa hiyo wakati huo kikosi kilikuwa tayari ndani ya eneo la hatari, ingawa juu ya vichwa vyao bado kulikuwa na jua. Mwendesha katapila alishuka akamwambia nyapara. Nyapara anakiri kuambiwa. Anasema zege lililobaki lilikuwa la kama dakika ishirini, na kulikatisha katikati kungeharibu sakafu. Aliamua wamalize.

Naomba uamuzi huo usomwe kwa haki. Mpango wetu wa kazi unasema kazi isimame "hali ya hewa ikiwa mbaya". Hausemi ubaya huo unaanzia wapi, nani anautangaza, wala zege lililo nusu lifanywe nini. Nyapara aliachwa apime mwenyewe kati ya hasara aliyoiona kwa macho na hatari ambayo hakuna aliyemwekea kipimo chake.

Saa 8:52 matone makubwa yalianza. Mashine ilizimwa ili saruji ifunikwe, na hapo ndipo kikosi kizima kiliposikia ngurumo kwa mara ya kwanza. Nyapara akapaza sauti watu wajikinge. Dakika tano baadaye radi ikapiga.

Mahali pa kujikinga

Radi ilipopiga, watu watano walikuwa chini ya banda la kupumzikia, watatu ndani ya kontena la stoo, mwendesha katapila ndani ya kibini yake ikiwa imefungwa, mafundi nondo wawili bado ndani ya kalvati wakifunika nondo, na watatu, nyapara akiwamo, wakikimbilia lori.

Banda ni bati juu ya nguzo nne za miti, kuta hakuna. Linazuia jua na mvua, basi. Liko mita 9 kutoka kwenye mti uliopigwa, ambao ndio mrefu kuliko vitu vyote vilivyo karibu. Kila shahidi aliyekuwa bandani aliniambia alikwenda pale kwa kuwa ndipo wanapojikinga siku zote. Kwa hiyo watano hawa walitii amri ya kujikinga, na utii huo ukawaweka karibu zaidi na radi.

Kontena ni la chuma, lenye mlango unaofungwa, na mtu aliye ndani bila kugusa kuta yuko salama kuliko bandani. Tatizo ni kwamba lilijaa mifuko ya saruji hadi karibu na mlango. Watatu walijibana, wa nne asingeingia. Kibini ya lori ina viti vitatu. Pikapu, ambayo ingebeba watano na madirisha yakafungwa, ilikuwa imetumwa kufuata dizeli tangu saa 8 kamili. Jengo la ofisi, lenye kuta, nyaya na mabomba, ndilo kimbilio la kweli, na kutembea kutoka kalvati ni dakika tano au sita.

Kati ya ile hesabu ya 18 na pigo la radi zilipita dakika 17. Kikosi kizima kingeweza kufika ofisini bila kukimbia. Saa 8:52, kwa kila aliyekosa nafasi ndani ya chuma, hapakuwa tena na chaguo zuri.

Pigo na majeraha

Mti umepasuka gome kwa mstari mmoja kutoka juu hadi mizizini, na udongo umechimbika upande unaoelekea banda. Hakuna alama ya kuungua kwenye bati. Kwa ninavyoona, radi haikupiga banda wala mtu yeyote moja kwa moja. Umeme ulisambaa ardhini kutoka kwenye mizizi, na huenda sehemu yake iliruka kutoka kwenye shina kwenda kwenye nguzo ya karibu.

M1 alikuwa ameegemea nguzo hiyo. Alianguka bila sauti, hakupumua, mapigo hayakusikika. M2 alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha kuelekea mti. Miguu yote ilikufa ganzi, ikawa ya baridi na rangi ikapauka, akapiga kelele kwamba imekatika. Nguvu zilirudi kidogo kidogo kabla ya magharibi. M4 alitokwa damu sikio la kushoto. Hospitali imethibitisha ngoma ya sikio imetoboka. Wawili wengine wa bandani waliangushwa lakini hawakuonekana na jeraha.

M3 alikuwa ndani ya kalvati, mita 25 kutoka kwenye mti, mkono wa kulia ukiwa umeshika nondo. Ana alama ndogo za kuungua kiganjani na kwenye nyayo. Kwa zaidi ya nusu saa aliuliza swali lilelile, yuko wapi, na hakumbuki chochote tangu saa ya chakula. Mwenzake, aliyesimama juu ya ubao bila kugusa chuma, alihisi mshtuko miguuni tu.

Uokoaji

Mtoa huduma ya kwanza wa kikosi alikuwa ndani ya kontena. Alitoka mvua ikinyesha na radi bado zikipiga mbali. M2 na M4 walikuwa wakipiga kelele. Aliwapita, akaenda kwa M1 aliyekuwa kimya. Ndivyo inavyotakiwa. Aliyepigwa na radi na bado analia ana pumzi, naye kwa kawaida anaweza kusubiri. Aliyenyamaza huenda moyo umesimama, lakini akihudumiwa mara moja ana nafasi nzuri ya kurudi.

Kabla hajafika, mfanyakazi mmoja aliyetaka kumwinua M1 alizuiwa na mwenzake kwa kuamini mwili una umeme. Mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Unaguswa papo hapo bila hatari. Imani hiyo ilitugharimu karibu dakika nzima.

Watu wanne walimlaza M1 juu ya ubao, wakamtoa chini ya mti hadi kwenye kontena, mita 20, baada ya wengine kutupa nje mifuko ya saruji. Saa 9:00 gari la wagonjwa liliitwa kwa simu, na wakati huohuo kubonyeza kifua kulianza: mara 30, kisha pumzi mbili, watu wakipokezana kila dakika mbili. Nilifika kwa gari na mashine ya kushtua moyo, ikawashwa saa 9:03. Tulimkausha kifua, tukabandika pedi. Mashine ilipima ikaelekeza tusishtue, tuendelee kubonyeza.

Saa 9:06 mapigo yalisikika shingoni, lakini hakuwa akipumua. Mtoa huduma aliendelea kumpulizia pumzi, akipima mapigo kila baada ya muda, hadi M1 alipoanza kuvuta pumzi mwenyewe kama saa 9:12. Radi inaweza kuzima pumzi kwa muda mrefu kuliko inavyozima moyo. Tungeacha pale mapigo yaliporudi, moyo ungesimama tena kwa kukosa hewa. Natoa pongezi rasmi kwa mtu huyu, na ziwekwe kwenye jalada lake.

Wakati huo nyapara alimtoa M3 kalvatini na kuhesabu watu wote: 14. Gari la wagonjwa lilifika saa 9:26, likamchukua M1 na M2. M3, M4 na wengine watatu waliohisi mshtuko walipelekwa hospitali kwa gari la ofisi.

Hali ya sasa

M1 amelazwa, ana fahamu na anazungumza. M3 amelazwa kwa uangalizi. M2 na M4 wako nyumbani kwa mapumziko ya daktari. Nimeomba wote saba wapimwe tena macho na masikio katika miezi ijayo, kwa sababu mtoto wa jicho unaweza kujitokeza muda mrefu baada ya radi, na dai lao la fidia lisifungwe kabla ya hapo.

Hatua

Kuanzia leo kazi ya nje inasimama ngurumo ya kwanza inaposikika, bila kuhesabu sekunde, na inaanza tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Yeyote anayeisikia ana haki ya kusimamisha, kibarua akiwamo. Mtu mmoja atakaa mbali na mashine ya zege kazi yake ikiwa kutazama na kusikiliza, na atapewa king'ora. Pikapu haitoki eneo la kazi siku ya kumwaga zege. Kontena limeondolewa saruji asubuhi hii na mashine ya kushtua moyo sasa inakaa humo. Banda limevunjwa.

Ninaloomba kwako ni moja: barua yenye saini yako isemayo kwamba zege likiharibika kwa sababu ya kusimamisha kazi kwa radi, hasara ni ya mradi na si ya nyapara. Bila barua hiyo, sidhani agizo la kusimama litafuatwa siku zege likiwa nusu.

Maelezo ya M1 na M3 yatachukuliwa daktari akiruhusu, na yataambatanishwa hapa. Picha za mti, banda kabla halijavunjwa, nondo na viatu vya M3 ziko kwenye jalada la tukio. Mti umezungushiwa utepe na haukatwi hadi mkaguzi wa usalama kazini aukague.