Ni Selemani, tuliyekuwa naye uhasibu

Shikamoo dada Rehema,

Ni Selemani, yule kijana aliyekuwa akikaa dawati la pembeni yako, karibu na kabati la ankara. Namba hii nimepewa na mama wa masjala. Nilimwomba akuulize kwanza, naye aliniambia umesema sawa, nisingependa kukuvamia tu. Hata hivyo nimekaa nayo siku 9 bila kuandika.

Kilichonisukuma leo ni jambo dogo. Jumatatu tulikuwa tunafunga mwezi. Nina kijana mpya hapa, ana miezi minne kazini, mtulivu, mwandiko mzuri, ila hesabu ikikataa anaingiwa na hofu mpaka mikono inatetemeka. Urari ulikataa. Debiti na krediti zilipishana kwa 270. Alipitia leja ukurasa kwa ukurasa tangu asubuhi, na saa kumi jioni nikamkuta ameanza upya kabisa, akitiki kila ingizo kwa kalamu nyekundu.

Nikavuta kiti. Nikamuuliza, "Je, 270 inagawanyika kwa 9?" Akanitazama kama ninamtania. Akagawanya, akapata 30. Nikamwambia: basi huenda kuna tarakimu mbili zimepinduka, zinapishana kwa 3, na zimekaa kwenye mamia na makumi. Acha mengine yote, tafuta hizo. Hakuchukua hata dakika kumi. Ankara ilikuwa ya 4,630, yeye aliingiza 4,360 kwenye leja.

Dada, ungeuona uso wake! Akaniuliza nilijifunzia chuo gani. Nikajikuta nimetaja jina lako kwa sauti, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, na sikuweza kuendelea na kazi nyingine jioni ile.

Maana mimi nilikuwa yeye. Unaukumbuka ule mwisho wa mwaka wangu wa kwanza, tofauti ya 5,400? Wenzetu wote walikuwa wameondoka. Nilikuwa tayari nimeshaandika barua ya kuacha kazi, ipo kwenye droo (hilo sikuwahi kukwambia). Ukaja umeshavaa mkoba begani, hukuniuliza nimekosea wapi. Uliniambia nigawanye kwa 9. Ikaja 600. Ukasema, "Sita ndiyo tofauti ya tarakimu zenyewe, na sifuri mbili zinakuonyesha zilipokaa." Nikatafuta, nikaikuta 38,200 imeandikwa 32,800. Ukatua mkoba, ukakaa na mimi mpaka urari ukakubali, na kesho yake ukanibandikia kile kikaratasi ndani ya droo, kwa mwandiko wako wa herufi kubwa: KWANZA TAFUTA KIASI CHENYEWE, HUENDA KIMESAHAULIKA. PILI GAWA KWA 2, HUENDA KIMEKAA UPANDE USIO WAKE. TATU GAWA KWA 9. Barua niliichana. Kikaratasi ninacho mpaka leo, kimehama nami ofisi mbili, gundi imekwisha, nakishikilia kwa pini.

Sasa niseme lile ambalo ndilo hasa limenifanya nikae kimya, maana nikiliruka utajua kwamba nimeliruka.

Ulipoondolewa, kiti chako nilipewa mimi. Uliondoka Ijumaa, Jumatatu nikaambiwa nihamie pale. Sikuomba, lakini pia sikukataa, wala sikumwuliza yeyote kwa nini mtu aliyetufundisha kazi wote anaondoka hata bila kuagwa. Nilikaa kimya kwenye kile kikao, nikatazama meza. Wiki tatu baadaye ukaniandikia: "Sele, mmefunga mwezi salama? Hawajambo wote?" Ujumbe mfupi tu, hauna lawama hata moja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako nilipousoma. Nikasema nitakujibu jioni nikiwa nimetulia. Jioni sikupata maneno, kesho yake vilevile, na kila siku iliyoongezeka ilihitaji maelezo makubwa zaidi kuliko ya jana, mpaka nikabadilisha simu, namba yako ikapotea, nami nikajiona nimepata sababu.

Haikuwa sababu. Ulikuwa unahitaji kusikia sauti ya mtu kutoka kule, nami nilijihurumia mimi. Nisamehe, dada yangu. Sikuandikii ili unijibu kwamba si kitu. Kilikuwa kitu, na nimekuwa nikikijua miaka yote hii.

Pale penyewe sikudumu. Nilikaa mwaka mmoja na nusu, nikaondoka. Sasa niko kwenye shirika dogo, tuko watatu tu upande wa hesabu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kufundisha. Siku hizi mfumo wa kompyuta unakataa wenyewe ingizo ambalo pande zake mbili hazilingani, kwa hiyo wengi wanaamini makosa haya yameisha. Lakini leja ya wadai bado tunaiandika kwa mkono kabla ya kuihamisha, na hata kwenye mfumo, taarifa ya benki haidanganyiki: ukiingiza 4,360 pande zote mbili mfumo utakubali kwa furaha, na tofauti utakutana nayo kwenye usuluhisho wa benki mwisho wa mwezi. Ni 270 ileile. Hili nimelishikilia sana na vijana, kwamba kulingana si kuwa sahihi. Ni neno lako, nililiiba bila ruhusa.

Nyumbani tuko salama. Nilioa, tuna binti wa miaka mitatu ambaye hesabu yake inatoka nne inakwenda saba, na hakuna wa kumrekebisha. Mama yangu alifariki mwaka juzi. Uliwahi kuzungumza naye kwa simu siku ile niliyougua kazini, na aliendelea kukuulizia kwa muda mrefu: "Yule dada yako wa kazini hajambo?" Nilikuwa namjibu hajambo. Sikuwa najua kama ni kweli.

Wewe je? Mama wa masjala alinieleza kidogo tu, kwamba ulianza shughuli yako mwenyewe na kwamba bado unacheka kwa sauti ileile. Nimefurahi mno kusikia hayo. Vijana wako wawili lazima sasa ni watu wazima. Mkubwa alikuwa anataka kusomea ufundi umeme na wewe ulikuwa na wasiwasi na mikono yake, alifika?

Sina shida ninayokuletea, wala siuzi kitu, wala sitafuti wa kunidhamini. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nikipata ujumbe wa mtu wa zamani huwa nasubiri mstari wa ombi. Hapa hakuna. Ukiwa na nafasi, andika hata neno moja. Ukipenda kupiga, baada ya saa mbili usiku huwa nimeshamlaza mtoto na simu iko karibu. Na ukiona ni bora tuachie hapa, nitaelewa, wala sitakusumbua tena.

Nimekuambatishia picha ya kikaratasi. Kwenye kona ya chini kulia kuna mstari wa nne uliofutika, linaonekana neno "KISHA" na herufi chache baada yake. Yule kijana ameniuliza ni nini, nikashindwa kumjibu. Uliandika nini pale?

Ni mimi mdogo wako,
Selemani