Draya ndo inayotulipa mshahara: dakika kumi za kitabu cha The Goal

Assalaam aleikum jamani, sogeeni huku mbele, mkikaa huko nyuma mtasikia mngurumo wa mashine tu. Nimepewa dakika kumi na bosi keshanambia ikifika ya kumi na moja anarudisha watu kazini, kwahiyo ntakwenda mbio kidogo, mwenye suali aliweke mpaka mwisho.

Kitabu kinaitwa The Goal, kilitoka 1984, kimeandikwa na Eliyahu Goldratt akishirikiana na Jeff Cox. Huyu Goldratt alikuwa Muisraeli aliyesomea fizikia, na inaonekana, mana anakitazama kiwanda kama mtu anayetaka kujua kitu kinaendaje, hakai kukupigia hotuba ya kujituma. Tena kimeandikwa kama hadithi. Kuna meneja anaitwa Alex Rogo, kiwanda chake oda zote zinachelewa, mkubwa wake anamjia asubuhi na mapema kwa hasira na kumpa miezi mitatu, akishindwa kiwanda kinafungwa. Na nyumbani nako mke kachoka na mume asiyeonekana, akaondoka. Hiyo ya mke siielezi leo, wenye ndoa mtaisoma wenyewe.

Sasa Alex ana mwalimu wake wa zamani, Jonah, wanakutana uwanja wa ndege. Alex anajisifu kwamba kanunua roboti na sehemu moja ya kiwanda ufanisi umepanda asilimia 36. Jonah anamuuliza mambo matatu tu: je mnauza mali nyingi zaidi kuliko mwanzo? Mmepunguza gharama za watu? Mali zilizolala stoo zimepungua? Yote jawabu hapana. Basi, anamwambia, hakuna kilichopanda. Roboti zinafanya kazi sana lakini kiwanda kiko pale pale.

Hapo ndo mie niliposita nikatufikiria siye. Tunafua mashuka ya mahoteli, tuna mashine nne za kufulia na draya mbili za kukaushia. Ukiingia hapa saa tatu asubuhi mashine zote nne zinazunguka, ukimuuliza mtu vipi kazi atakwambia leo tumekaza kweli kweli. Lakini gari ya Paje na Jambiani inatakiwa itoke hapa Fuoni saa tisa alasiri, na mnajua wenyewe inatoka saa ngapi, na ikitoka imebeba mashuka ya hoteli mbili badala ya nne, halafu simu zinaanza.

Kitabu kinasema pima vitu vitatu. Cha kwanza pesa inayoingia kwa kilichouzwa, na kilichouzwa kwetu siye ni shuka lililofika hotelini, si shuka lililofuliwa. Cha pili pesa iliyokwama ndani kwenye mali unayokusudia kuuza, na cha tatu pesa unayotumia kuigeuza hiyo mali iwe mauzo. Lengo ni cha kwanza kiongezeke, viwili vilivyobaki vishuke. Goldratt anasema wazi lengo la kampuni ni kupata pesa, basi. Mie hapo sikubaliani naye moja kwa moja, mana hata kazi hii haikuanzishwa kwa pesa tu, lakini nakubali kwamba pasi na pesa hayo mengine hatuyafiki.

Haya, sehemu tamu ya kitabu. Alex anakwenda matembezi ya porini na mwanawe na watoto wa skauti, wamepanga mstari, mmoja nyuma ya mwenzie. Wa mbele wana mbio, wamepotea huko, wa nyuma wamejazana, na katikati yuko kijana mnene anaitwa Herbie anakwenda taratibu. Alex kila akiwapigia kelele wa mbele wasimame, mstari unakusanyika, wakianza tu unafumuka tena. Mwisho akagundua kitu: msafara haufiki mpaka wa mwisho afike, na hakuna atakayefika kabla ya Herbie, hata yule wa mbele akimbie kama swala. Kwahiyo akamtoa Herbie akamuweka mbele kabisa. Watoto wakanung'unika, lakini mstari ukashikana. Halafu akaufungua mkoba wa Herbie, akakuta makopo ya soda, tambi, pipi, samaki wa kopo, achari, mpaka kikaango cha chuma! Wakagawana ule mzigo, Herbie akatia mwendo na kundi zima likatia mwendo.

Sasa Herbie wetu nani? Msiangaliane, si mtu. Nilikuwa napita tu nikitazama mafungu yanalala wapi, mana kitabu kinasema ukitaka kujua panapobana tazama mali imerundikana mbele ya nini. Mbele ya mashine za kufulia hamna fungu kubwa. Dada zetu wa pasi ndo kwanza wamekaa, saa nne bado wanasubiri. Lakini mbele ya draya kuna matenga ya mashuka chepechepe mpaka mlangoni, na masika haya hatuanikii nje, kwahiyo kila kitu kinapita kwenye milango miwili ile.

Na tunalifanya baya zaidi. Kwa vile hatutaki mtu aonekane kakaa, tunafua na kufua, mashuka mabichi yanakaa kwenye matenga mpaka yanatoa harufu ya uvundo, halafu jioni tunafanya nini? Tunayarudisha kufuliwa. Sabuni mara mbili, maji mara mbili, umeme mara mbili, na shuka moja tu. Kitabu hapa kinasema neno zito sana kwa mtu aliyezoea kazi ya kujituma: ikiwa mashine si ile inayobana, kuisimamisha si hasara. Wa kufulia akikaa nusu saa kwa sababu draya imejaa, kakaa sawa sawa, hakuna wa kumtizama kwa jicho baya, na bosi hilo nalisema mbele yako makusudi.

Kwenye kitabu panapobana ni pahala pawili, mashine moja inaitwa NCX-10 na tanuri ya kutia chuma moto. Mhasibu alikuwa anahesabu saa moja ya NCX-10 ni dola 32.50. Jonah akawaambia mmekosea, chukueni gharama ya kiwanda kizima kwa mwezi, dola milioni 1.6, gawanyeni kwa saa 585 za kazi. Inakuja dola 2,735 kwa saa! Mana saa ikipotea pale imepotea kiwanda kizima, hurudishi pahala pengine popote.

Nikafanya na yetu. Mishahara, umeme, maji, sabuni, mafuta ya gari, kodi, jumla inazunguka shilingi milioni 13 kwa mwezi. Draya zinawaka kama saa 260. Gawa, utapata elfu 50 kila saa. Sasa ile saa ya chakula cha mchana na sala ya adhuhuri, draya zote mbili zimezimwa tunakula, elfu 50 ndo hiyo imekwenda. Sisemi mtu asile wala asisali, hasha. Nasema tupokezane. Hata kwenye kitabu lilikuwa hilo hilo, NCX-10 ilikuwa inasimama watu wakienda mapumziko, wakabadilisha mapumziko tu, bila kununua kitu. Na Ijumaa wanaume tunapokwenda msikitini nimezungumza na dada zetu wawili wa pasi, wamekubali wao waziangalie draya, halafu wanaume wakirudi, dada hao ndo wapumzike kipindi kirefu. Msije mkasema mie nimewapangia, walisema wenyewe na sharti lao ni hilo la mapumziko.

Goldratt kapanga hatua tano: patafute panapobana, patumie mpaka tone la mwisho, vyengine vyote vifuate mwendo wake, ndo baadae upaongezee nguvu, na pakishafunguka rudi mwanzo usilale. Watu wengi, na siye tumo, tunaruka mpaka ya nne, tununue draya ya tatu. Bosi najua keshaulizia bei. Mie nasema ingoje, mana hizi mbili hatujazitumia.

Kwa mfano lile chujio la draya likijaa nyuzi, upepo haupiti na lodi inachelewa kukauka, lisafishwe kila lodi, sio kila mtu akikumbuka. Mataula na mashuka tusichanganye, shuka linakauka taula bado bichi, tunalipikia moto wa bure. Na kabla ya kuingia draya mashine ikamue tena, maji yanayotoka kwa kukamuliwa ni rahisi kuliko yanayotolewa kwa moto. Jengine, madoa. Yakaguliwe kabla ya draya, mana doa likishapigwa moto limeshakaa, halafu unatakiwa kulifua upya na kulikausha upya, saa ya draya umeitupa mara mbili. Alex alifanya vivyo hivyo, mkaguzi akamuweka kabla ya mashine inayobana na sio baada.

Walitumia pia vibandiko vyekundu na kijani kuonesha ipi itangulie. Siye tutafunga kitambaa chekundu kwenye tenga la hoteli ambayo gari yake inatoka mwanzo, basi. Kila tenga likiwa jekundu mjue tumeshaharibu.

Nna wasiwasi wangu mmoja na kitabu. Kwenye hadithi watu wanakubali upesi mno, meneja akirudi na fikra mpya kila mtu anatii, kwenye kazi ya kweli haiwi hivyo. Na biashara yetu ina msimu. Sasa hivi tuna oda za ule mkutano na zile gesti mpya za Mji Mkongwe, ndo mana draya inabana. Lakini zikishaondoka, Mei hii hoteli nyengine za pwani zinafunga kwa ukarabati, panapobana patahama, patakuwa nje ya geti hili, yaani wateja hamna. Hapo draya ikauke haraka vipi haitatusaidia, kazi itakuwa ya yule anayezungumza na mahoteli. Kitabu nacho kinakubali hilo, kwamba pahala penyewe panaweza kuwa ni soko.

Kwahiyo naomba wiki mbili za kujaribu, kuanzia Jumamosi. Draya hazizimwi mchana. Wa kufulia hawaanzi lodi mpya kama kuna matenga matatu mabichi yanasubiri. Nitabandika karatasi ukutani kwa draya, kila draya ikisimama aliyepo aandike saa na sababu, umeme, chujio, hamna mtu, chochote, bila jina la mtu. Gari ikitoka dereva aandike saa aliyotoka na hoteli ngapi kachukua. Kitabu chenyewe ntakiweka juu ya meza, ni changu, anayekitaka achukue lakini kirudi, tena bila mafuta ya mandazi.

Haya, dakika bado moja nadhani. Nani anachukua zamu ya draya ya Jumamosi mchana, na nani ana suali?